Kwa nini daktari alikuwa anauchezesha mguu wakati anapima?

*Shikamoo daktari. Nina miaka 42, nacheza mpira na maveterani wenzangu kila Jumapili hapa Morogoro. Wiki iliyopita nilipoanza kuukimbilia mpira nikasikia "ta!" nyuma ya mguu. Nikageuka nikidhani nimepigwa teke, kumbe nyuma hakuna mtu. Kesho yake nikapimwa ultrasaundi, wakaandika: "ukano wa kisigino umevimba, unene milimita 11, umechanika sehemu." Siku nne baadaye, hospitali nyingine, daktari aliushika mguu akawa anaupandisha na kuushusha huku anapima, akaandika: "umekatika wote, pengo milimita 21 mguu ukiwa umekaa pembe mraba na muundi, milimita 4 vidole vikishushwa." Nimwamini nani? Na huko kuchezesha mguu si ndiko kulikomalizia kuukata? Halafu mke wangu kisigino kinamuuma sana asubuhi, ameambiwa utando wa unyayo una milimita 5.6. Naye arudi akachezeshwe mguu?*

Marahaba, ndugu yangu. Mwamini wa pili. Na ondoa wasiwasi, mkono wa daktari haukukata kitu. Ukano huo ulikatika uwanjani, dakika ile uliyogeuka kumtafuta aliyekupiga teke. Hiyo hadithi ya teke lisilo na mpigaji tunaisikia kwa wagonjwa wengi mno waliokatika ukano huu, kiasi kwamba mtu akiisimulia tu, daktari anayejua kazi anaanza kuamini umekatika wote mpaka athibitishe vinginevyo. Fikiria pia kwamba kati ya uwanja na hospitali ya kwanza ulitembea, hata kama ulichechemea. Kila hatua iliutia ukano mzigo mkubwa kuliko mkono wa daktari unaoupandisha mguu polepole mpaka pale unapokaa sawa.

Lakini swali lako la msingi ni zuri, kwa sababu vipimo vyote viwili vilifanywa kwa mashine ya aina moja, kwenye mguu uleule, vikatoa majibu mawili tofauti. Sababu inaeleweka vizuri, na ukiielewa utajua pia cha kuuliza ukipelekwa kupimwa tena.

Ukano wa kisigino unatokana na misuli miwili mikubwa ya shavu la mguu, unashuka nyuma ya mguu na kujipachika kwenye mfupa wa kisigino. Kazi yake ni moja, kuvuta. Msuli ukijikaza, ukano unavuta kisigino juu na vidole vinasukuma ardhi. Kwenye ultrasaundi, ukano mzima unaonekana kama fungu la nyuzi nyeupe nyembamba zilizolala sambamba, zimebanana, zinatoka juu hadi chini bila kukatizwa. Unene wake wa kawaida kwa mtu mzima, ukipimwa kutoka nyuma kwenda mbele, ni kama milimita 4 hadi 6. Ukitazamwa kwa upana katika picha, uso wake wa mbele huwa bapa au umebonyea kidogo. Ukinenepa, ule ubapa unapotea, ukano unakuwa wa mviringo. Kwa hiyo milimita 11 zako si za kawaida kwa hesabu yoyote ile, na aliyekupima mara ya kwanza hakukosea kuziona. Tatizo ni kilichokuwa ndani ya hizo milimita 11.

Ukano unapokatika kwa ghafla, hauachi shimo tupu. Nyuzi zinapasuka kwa urefu tofauti tofauti, zile ncha zinabaki zimechambuka kama ncha ya kamba iliyokatika kwa kuvutwa. Damu inamwagika katikati yake. Ule utando mwembamba unaoufunika ukano mara nyingi unabaki umeshika, kwa hiyo damu haisambai, inakaa palepale ndani ya utando kwa umbo lilelile la ukano. Mafuta yaliyo mbele ya ukano nayo yanaweza kuingia kwenye pengo. Matokeo yake, ukipiga picha moja iliyotulia, unaona kitu kinene, cheusi cheusi, kimevurugika, lakini kinaendelea kutoka juu hadi chini. Mtu anaandika: umevimba, umechanika sehemu. Kwa picha aliyokuwa nayo mbele yake, ni hitimisho linaloeleweka.

Ongeza na jinsi mgonjwa anavyolazwa. Unalala kifudifudi, mguu unaachwa ukining'inia pembeni ya kitanda au unawekewa mto chini ya kifundo, na vidole vinaelekea chini. Vidole vikielekea chini, kisigino kinapanda, na ncha mbili za ukano uliokatika zinasogeleana. Mkao uleule unaomfaa mgonjwa apumzike ndio unaoficha pengo. Kwako wewe tofauti ilikuwa kutoka milimita 21 hadi milimita 4 kwa kubadili tu pembe ya kifundo. Milimita 4 zilizojaa bonge la damu na nyuzi zilizochambuka ni rahisi sana kuzipita bila kuziona.

Kuna mtego mwingine, na huu unawanasa hata wenye uzoefu. Upande wa ndani wa ukano mkubwa hupita ukano mwembamba wa msuli mdogo unaoanzia nyuma ya goti. Si watu wote wanao, lakini wengi wanao. Ukano mkubwa unapokatika, huu mwembamba mara nyingi unabaki mzima, umenyooka na unang'aa kwenye picha. Anayepima anaona nyuzi nzima upande wa ndani na kusema, "Bado zipo zilizoshika, basi umechanika sehemu." Kumbe nyuzi hizo si za ukano ule kabisa. Namna ya kuutambua ni kuufuatilia kwenda juu na chini kwa picha za upana. Utaona ni kijiti cha duara kinachosimama peke yake, na juu kinajitenga na kwenda zake kati ya misuli miwili ya shavu la mguu.

Sasa tuje kwenye kuchezesha. Daktari wa pili huenda alifanya hivi. Alikulaza kifudifudi, kisigino kikiwa nje ya kitanda, akapaka jeli nyingi ili proba, kile kifaa cha mkononi cha ultrasaundi, isibonyeze ngozi, akailaza proba kwa urefu juu ya ukano. Ile sehemu yenye uvimbe aliiweka katikati ya kioo. Kisha kwa mkono wa pili akashika sehemu ya mbele ya unyayo, akaipandisha polepole mpaka mguu ukakaa pembe mraba na muundi, halafu akaishusha. Macho yake hayakuwa kwenye mguu wako, yalikuwa kwenye kioo, yakiangalia kama nyuzi za juu ya uvimbe na nyuzi za chini yake zinakwenda pamoja.

Hapo ndipo jibu lilipo. Ukano ukiwa mzima, au ukiwa umechanika sehemu tu, ukiupandisha mguu ukano wote unateleza kuelekea chini kama kitu kimoja. Nyuzi za juu na za chini zinaanza kusogea kwa wakati mmoja na kusimama kwa wakati mmoja. Ukiwa umekatika wote, kipande cha chini kinafuata kisigino kwa sababu kimeshikamana nacho, lakini kile cha juu kinabaki pale pale au kinasogea kidogo tu, kwa kuchelewa. Katikati yake lile bonge la damu linaonekana likipanuka na kujikunja, vimiminika vikienda huku na huku, na ncha zilizochambuka sasa zinaonekana wazi, kila moja na kivuli cheusi nyuma yake. Kivuli hicho kinatokea kwa sababu mawimbi ya sauti yanapinda yakigonga ukingo wa ncha iliyokatika, hayarudi kwenye proba. Ukikiona pande zote mbili za pengo, umepata ushahidi wa pili.

Njia nyingine ni kulibana shavu la mguu kwa mkono huku proba ikiwa palepale. Hili ni lile jaribio la kitandani ambalo madaktari wa mifupa hulifanya bila mashine: ukilibana shavu la mguu mzima, vidole vinashuka vyenyewe; ukilibana la mguu uliokatika, vidole havitikisiki. Ukilifanya chini ya ultrasaundi unaona kwa nini havitikisiki. Kipande cha juu kinaruka kwenda juu, cha chini kimelala tu.

Mtu anaweza kuniuliza, "Mbona daktari mimi bado naweza kushusha vidole chini mwenyewe? Ukano uliokatika ungewezaje?" Unaweza kwa sababu kuna misuli mingine inayopita nyuma ya kifundo kwenda kwenye vidole na ndani ya unyayo, nayo inasaidia kushusha mguu. Haina nguvu ya kukuinua ukasimama kwa ncha ya mguu mmoja, lakini ukiwa kitandani inatosha kumdanganya mtu. Ndiyo maana baadhi ya waliokatika huondoka kituo cha afya wakiwa wameambiwa ni enka imeteguka, wakapewa dawa ya kuchua na bandeji. (Tafadhali, hilo la kusimama kwa ncha ya mguu usilijaribu sasa hivi nyumbani.)

Kuna faida nyingine ya kuchezesha ambayo haihusu pengo moja kwa moja. Nyuzi za ukano zinang'aa tu pale mawimbi ya sauti yanapozipiga wima. Proba ikiinama hata kidogo, mawimbi yanaakisiwa pembeni, na sehemu nzima ya ukano inaonekana nyeusi kana kwamba ina tundu. Hili hutokea sana karibu na kisigino, pale ukano unapopinda kuingia kwenye mfupa. Mpimaji mzuri akiona weusi, kwanza anaiinamisha proba huku na huku, kisha anaupandisha mguu kidogo ili ukano ukazike na kunyooka. Weusi ukitoweka, haukuwa mchaniko. Ukibaki pale pale katika kila pembe na kila mkao, hapo ndipo aanze kuufikiria.

Ila usidhani kila kipimo cha ukano kinataka mguu uwe umekazwa. Kuna kimoja kinachotaka kinyume chake. Ukano uliochoka kwa muda mrefu, unaouma kila mtu akianza kukimbia na una uvimbe unaoshikika kwa kidole sentimita 2 hadi 6 juu ya kisigino, mara nyingi huwa na vimishipa vidogo vya damu vilivyoingia ndani yake. Tunaviona kwa dopla, namna ya ultrasaundi inayoonyesha damu inayotembea. Ukiuvuta ukano, vimishipa hivyo vinabanwa, damu inasimama, na dopla inaonyesha hakuna kitu. Kwa hiyo dopla hufanywa mguu ukiwa umelegea kabisa na proba ikiwa imegusa jeli tu. Unene na vimishipa hupimwa mguu ukiwa umetulia. Kukatika hupimwa mguu ukichezeshwa. Anayepima yote kwa mkao mmoja lazima kimoja kimpite.

Hapo niseme kitu kuhusu unene bila kukatika, maana wapo watakaosoma hapa wakiwa na ripoti ya "ukano mnene" bila kisa cha mlio. Ukano wa milimita 8 au 9, uliovimba katikati kama yai refu, wenye nyuzi zilizoachana lakini zinazosogea pamoja, ni ukano uliochoka na si uliokatika. Matibabu yake ni mazoezi ya kuutia mzigo taratibu kwa wiki 12 au zaidi chini ya mtaalamu wa mazoezi tiba. Maumivu yanaweza kwisha kabisa na unene ukabaki kwenye picha kwa muda mrefu, kwa hiyo kurudia ultrasaundi kila mwezi ili kuona kama milimita zimepungua ni kupoteza pesa. Kama kano zote mbili, kulia na kushoto, zimenenepa na zina vinundu, mwombe daktari akupime lehemu ya damu. Wapo watu wanaozaliwa katika familia zenye lehemu nyingi, na mafuta hayo hujijenga ndani ya kano hizi. Na kama umetumia karibuni antibayotiki za jamii ya siprofloksasini au levofloksasini, mwambie daktari, hasa kama pia unatumia dawa za steroidi. Zinajulikana kudhoofisha kano, hata kuzikata.

Kati ya kuchoka na kukatika kuna eneo la kati lenye utata, michaniko midogo ndani ya ukano mnene. Hapo ultrasaundi, hata ikichezeshwa vipi, hutoa majibu yasiyo na uhakika, na wapimaji wawili wazuri wanaweza kutofautiana kwa haki. Kama uamuzi wa upasuaji unategemea hilo, MRI ina nafasi yake. Kwako wewe haina haja. Kisa chako na pengo lililoonekana likifunguka vinatosha. Ila ukipelekwa MRI, kumbuka mguu utalala umetulia ndani ya mashine, kwa hiyo mkao wake nao uandikwe.

Sasa zile namba mbili, milimita 21 na milimita 4. Ya kwanza inasema ukano umekatika. Ya pili ina thamani zaidi kwa matibabu, kwa sababu inasema ncha zinaweza kukutana. Ukano uliokatika unaweza kupona kwa njia mbili: kushonwa, au kufungwa mguu vidole vikiwa vimeelekezwa chini ili ncha zikae karibu na kujiunga zenyewe. Njia ya pili inategemea zile ncha kukaribiana kweli. Vituo vingi vinavyotumia ultrasaundi kuamua huweka mpaka karibu na milimita 5 vidole vikiwa vimeshushwa, vingine vinaruhusu hadi kama sentimita 1. Milimita 4 zako zinakuweka upande ambao kutoshonwa ni chaguo halali la kujadili na daktari wa mifupa. Pengo lingebaki milimita 15 hata vidole vikishushwa, au mafuta yangeonekana yameingia katikati na hayatoki, ningekwambia habari ya kushonwa inakuwa nzito zaidi.

Usishangae kama daktari mmoja atakwambia ushonwe na mwingine ufungwe. Utafiti mkubwa wa Norwei uliochapishwa mwaka 2022, wenye wagonjwa zaidi ya 500, uliwagawa waliokatika ukano huu katika makundi: wa kufungwa tu na wa kushonwa kwa njia mbili tofauti. Baada ya mwaka mmoja, jinsi watu walivyojisikia na kufanya shughuli zao havikutofautiana. Tofauti ilikuwa kwenye hatari. Kwa ambao hawakushonwa, kama 6 katika kila 100 walikatika tena. Kwa walioshonwa hata 1 katika 100 hakufika. Lakini walioshonwa walipata zaidi madhara ya mishipa ya fahamu. Wewe mwenye miaka 42, unayetaka kurudi uwanjani Jumapili, unaweza kuipima tofauti na mwenzako mwenye kisukari ambaye kidonda cha upasuaji nyuma ya kisigino kinaweza kumtesa miezi.

Jambo lisilongoja ni muda. Hadi unaandika, imepita karibu wiki moja. Uamuzi huu ni bora ufanywe ndani ya wiki mbili za kwanza, kabla ncha hazijajikunja na kovu halijajaza pengo zikiwa mbali. Mpaka umwone daktari wa mifupa, usikanyage mguu huo bila kinga. Kama hawajakufunga, rudi leo ukafungwe hogo au kiatu maalumu vidole vikiwa vimeelekezwa chini. Hogo lililofungwa mguu ukiwa pembe mraba linaziacha ncha zako zikiwa na milimita 21 kati yake, yaani unapona vibaya huku umefungwa vizuri. Muulize anayekufunga swali hilo waziwazi. Na shavu la mguu likianza kuvimba na kuuma ndani ya hogo, au pumzi ikikukata, usingoje kliniki. Damu kuganda kwenye mguu uliofungwa ni hatari inayojulikana katika jeraha hili.

Ukirudi kwa daktari wa mifupa, mpelekee ripoti ya pili na umwonyeshe kwamba kila kipimo cha pengo kimeandikwa pamoja na mkao wa mguu. Ripoti inayosema "pengo milimita 10" bila kusema mguu ulikuwa umekaaje haimsaidii, kwa sababu pengo hilohilo, kama tulivyoona kwako, linaweza kuwa 21 au 4. Iandikwe pia umbali wa mahali palipokatika kutoka kwenye mfupa wa kisigino. Wengi hukatikia sentimita chache juu ya kisigino. Palipokatika karibu kabisa na mfupa, au juu kabisa pale msuli unapogeuka kuwa ukano, matibabu yanaweza kubadilika.

Nije kwa mke wako. Milimita 5.6 ni nene. Utando wa unyayo, ule mpana mgumu unaotoka chini ya mfupa wa kisigino kwenda kwenye vidole, kwa kawaida hauzidi milimita 4 ukipimwa pale unapoanzia kwenye mfupa. Maumivu makali ya hatua za kwanza asubuhi, yanayopungua akishatembea kidogo, yanaendana na unene huo. Akipimwa tena, waulizwe kama waliupima na mguu mwingine, kwa sababu kulinganisha na upande usiouma kuna uzito kuliko namba peke yake. Kama eksirei imemwonyesha kijimfupa kilichochomoza chini ya kisigino, asikiogope sana. Wengi wanacho na hawaumwi.

Je, achezeshwe? Kwenye utando wa unyayo kinachochezeshwa ni kidole gumba. Ukikikunja kidole gumba kwenda juu, utando wote unavutika na kukazika; unaweza kuushika mwenyewe chini ya unyayo wako ukauona umejitokeza kama kamba. Chini ya ultrasaundi, nyuzi zilizokuwa zimelegea na kujipinda zinanyooka, weusi wa uongo unapungua, na kingo za utando zinakuwa wazi, kwa hiyo hata unene unapimwa kwa uhakika zaidi. Kama kuna mchaniko, nyuzi za upande mmoja zinakazika na za upande wa pili zinabaki zimelegea, na kati yake pengo linafunguka. Kama hakuna, utando mnene unakazika wote kwa pamoja. Haimchukui mpimaji hata dakika mbili.

Lakini kwa mke wako, ikiwa maumivu yalikuja polepole, simlazimishi kurudi kwa ajili ya hilo tu. Mchaniko wa utando huu huja na kisa chake: mtu anakanyaga vibaya au anaruka, anasikia kitu kimekatika chini ya unyayo, hawezi tena kukanyaga vizuri, na baada ya siku moja au mbili damu inaonekana chini ya ngozi katikati ya unyayo. Mara nyingi ni mtu aliyekuwa na maumivu ya muda mrefu, na wakati mwingine alikwisha kuchomwa sindano ya steroidi kisiginoni. Asiye na kisa hicho aanze mazoezi ya kuvuta utando na shavu la mguu kila siku, aache ndala bapa zilizokwisha soli, avae kiatu chenye kisigino laini kilichoinuka kidogo, na ajipe miezi, si siku. Wengi hupona ndani ya mwaka bila sindano wala kisu.

Maumivu yakiwa ya mfupa wenyewe, yaani anaumia mtu akimbana kisigino kwa pande zote mbili na kuuma kunazidi kadiri anavyotembea badala ya kupungua, ultrasaundi haitamsaidia, kwa sababu sauti haipenyi ndani ya mfupa na ufa mdogo wa kisigino hauonekani. Huyo apelekwe MRI. Na akiwahi kuchomwa sindano, kisha akasikia mlio chini ya unyayo, hapo arudi kupimwa siku hiyohiyo, na amwombe mpimaji amkunje kidole gumba wakati proba iko juu ya utando.